Abiria wa Nyuma: Jinsi ya Kupanda, Kukaa na Kushuka Pikipiki Bila Kumwangusha Dereva



Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu anayefanya kazi ya kufungasha bidhaa kiwandani, alivunjika kifundo cha mguu hapa Kanombe akiwa anatoka zamu ya jioni. Pikipiki iliyombeba haikugongwa na gari, wala haikuwa ikienda mbio. Ilikuwa imekwisha simama mbele ya kibanda anaponunua mboga. Yeye alikuwa anashuka, na pikipiki ikaanguka upande ule ule aliokuwa anashukia, juu ya mguu wake. Kwa kuwa alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku, kila siku aliyolala nyumbani ilikuwa siku bila mshahara.

Mama yule alisema dereva ni mzembe. Dereva naye, kijana mpole ambaye hata goti lake lilichubuka, alisema abiria ndiye aliyemwangusha. Wanachama walituomba tuwakutanishe. Siku ya Jumapili tulikaa nao kando ya barabara, pikipiki ikiwa mbele yetu, tukarudia jambo lile polepole, hatua kwa hatua, injini ikiwa imezimwa. Baada ya nusu saa tuliona wazi kwamba wote wawili walisema kweli kwa kadiri walivyoona, na kwamba hakuna hata mmoja aliyepata kufundishwa kazi ya abiria ni nini.

Wengi wetu tunadhani abiria hana kazi. Anapanda, anakaa, anafikishwa, analipa. Lakini juu ya pikipiki abiria ni sehemu ya mtambo. Katika makala haya nitaeleza yale tuliyojifunza siku ile, nikianza na sababu, kisha kupanda, kukaa, kushika, kulala kwenye kona, na mwisho kushuka, ambako ndiko mwenzetu alikoumia.

MZIGO UNAOHAMA

Pikipiki ndogo zinazobeba abiria Kigali zina uzito wa kilo 110 hivi. Dereva wa wastani ana kilo 65. Abiria mwenye kilo 70 ni mzito kuliko dereva, na uzito wake ni zaidi ya nusu ya uzito wa chombo chenyewe. Ndani ya basi ukigeuka kumsalimu mtu, basi halina habari. Juu ya pikipiki ukigeuka, zaidi ya robo ya mzigo wote imegeuka pamoja nawe.

Hata hivyo uzito peke yake si adui. Dereva aliyezoea hubeba gunia la viazi lenye kilo 70 akapita nalo salama, kwa sababu gunia lililofungwa vizuri halihami. Dereva huupima mzigo huo katika mita chache za kwanza, mikono yake ikauzoea, na safari ikaendelea. Kinachomshinda ni mzigo unaohama bila taarifa. Kila aliyewahi kubeba maji kichwani anajua kwamba ndoo iliyojaa na kufunikwa ni nzito lakini ni tulivu, na ndoo iliyojaa nusu ni nyepesi lakini maji yake yanacheza na kumyumbisha mbebaji. Abiria mbaya ni ile ndoo ya nusu. Kanuni zote zitakazofuata zinatokana na jambo hili moja: usihame, na kama huna budi kuhama, dereva ajue kabla.

KUPANDA

Usipande mpaka dereva awe na miguu yote miwili chini, naye awe amekuona. Siyo mguu mmoja, ni yote miwili. Mwambie, "Napanda," ukangoja akujibu. Kwanza vaa kofia ngumu na kufunga mkanda wake chini ya kidevu ungali umesimama ardhini. Mtu anayefunga kofia akiwa amekwisha kaa hutumia mikono yote miwili kichwani wakati chombo kinaondoka.

Hakikisha pia vile vikanyagio viwili vya abiria vimefunguliwa. Mara nyingi hukunjwa ndani dereva anapobeba mizigo, na abiria akaja kutafuta kwa mguu mahali pa kukanyaga wakati safari imekwisha anza.

Mtu mwenye miguu ya kutosha asikanyage kikanyagio wakati wa kupanda. Asimame karibu kabisa na kiti, mguu mmoja ukibaki ardhini, aushike mgongo wa kiti au bega la dereva, apitishe mguu wa pili juu ya kiti, akae, ndipo aweke miguu yote juu ya vikanyagio. Hapo dereva hasikii mvuto wa upande wowote. Mtu mfupi ambaye hawezi bila kukanyaga, na amwambie dereva, "Nitakanyaga." Kikanyagio kiko kiasi cha robo mita kutoka katikati ya pikipiki. Ukisimama juu yake wima kama mtu anayepanda ngazi, kilo zako zote 70 zinaning'inia upande mmoja, na dereva anabaki kupigana na mguu wake mmoja asianguke. Basi ukikanyaga, inamisha kifua kuelekea katikati ya kiti, uzito wako uwe juu ya chombo wala usiwe nje yake, kisha pitisha mguu upesi lakini bila kuruka.

Sasa kuna swali la upande gani. Katika nchi za jirani, kama Tanzania, Kenya na Uganda, magari hupita kushoto mwa barabara. Pikipiki ikisimama, ukingo wa barabara uko kushoto, na bomba la moshi liko kulia. Abiria hupanda kutoka kushoto, mbali na magari na mbali na moto wa bomba. Hapa Rwanda tunapita kulia. Ukingo wetu uko kulia, upande uleule wenye bomba la moshi. Kwa hiyo mfanyakazi wa Kanombe akisimamisha pikipiki anakuta mambo mawili ya kuchagua, na yote mawili yana hatari: kupanda kutoka kushoto akiwapa mgongo magari yanayopita, au kupanda kutoka kulia penye bomba la moto.

Lililo bora ni kumwomba dereva atoke kabisa katika lami, aingie pembeni penye nafasi, ndipo upande kutoka kushoto kwa utulivu. Kama nafasi haipo, panda kutoka kulia, lakini mguu wako wa kulia usisogee kwenye bomba. Usiende kamwe upande wa kushoto katikati ya barabara kwa kuogopa kuungua. Kovu la ndama ya mguu hupona. Kugongwa na lori ni habari nyingine. Na aliyeungua na amwage maji safi ya baridi juu ya jeraha kwa dakika 20, wala asipake mafuta wala dawa ya meno.

Tangu mwanzo wa mwaka 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa kazi ya kubeba abiria mjini Kigali, na zile za umeme zinazidi kuwa nyingi. Hizo hazina bomba la moshi, kwa hiyo shida hiyo ya kuungua haipo. Lakini zina jambo lake. Hazingurumi. Ile ya petroli hukuarifu kwa sauti kwamba inaondoka. Ya umeme iko kimya, na mara dereva akizungusha mkono inasukuma hapo hapo. Kwa hiyo neno la mdomo ni la lazima zaidi. Dereva asiondoke mpaka abiria aseme, "Tayari."

KUKAA

Kaa katikati ya kiti, karibu na dereva, pabaki nafasi ya ngumi moja tu kati ya tumbo lako na mgongo wake. Wengi, kwa haya au kwa heshima, husogea nyuma hadi kukalia chuma cha mizigo. Haya ni jambo jema, ila tuone inafanya nini kwa gurudumu la mbele.

Tuchukue pikipiki ya kilo 110, dereva wa kilo 65 na abiria wa kilo 70, na tuseme kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuna mita 1 na robo. Abiria akikaa mahali pake, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele hubeba karibu kilo 80 na la nyuma karibu kilo 165. Abiria huyo akisogea nyuma sentimita 20 tu, anapita nyuma ya ekseli, na sasa anafanya kama mtoto aliyekaa mwisho wa ubao wa bembea: anainua upande wa pili. Gurudumu la mbele hupungukiwa kilo 11. Akiwa na mfuko wa kilo 15 mgongoni, hupungua kilo nyingine 3 au 4. Gurudumu lililokuwa na kilo 80 limebaki na 65 hivi, na hilo ndilo gurudumu la kugeuzia.

Kwenye barabara tambarare dereva ataona usukani mwepesi. Kwenye mlima ndipo mambo huharibika, maana mlima wenyewe hurudisha uzito nyuma. Ndugu zetu wa mashamba ya chai wanaopanda vilima vya udongo wanajua: dereva anaongeza moto, usukani unacheza, gurudumu la mbele linainuka juu ya jiwe na kutua palipo sipo. Ukiona usukani unacheza hivyo, usingoje kuambiwa. Sogea mbele na inamisha kifua kuelekea mgongo wa dereva mpaka mlima uishe.

Kwa sababu hiyohiyo, mfuko wa mgongoni unaning'inia nyuma kabisa, mahali pabaya. Mfuko mdogo uweke kati yako na dereva, juu ya mapaja yako. Mzigo mkubwa dereva aufunge kwa mpira. Usining'inize mfuko mkononi upande mmoja, kwa maana unabembea, na kila unapobembea unauvuta usukani bila wewe kujua.

Miguu ikae juu ya vikanyagio toka mwanzo hadi mwisho, hata pikipiki inaposimama kwenye taa. Kazi ya kuweka miguu chini ni ya dereva peke yake. Abiria anayeshusha mguu wake ili "kumsaidia" anahamisha uzito wakati dereva amekwisha upima, na mguu huo unaweza kunaswa nyuma chombo kikiondoka. Magoti yabane kiasi ubavuni mwa dereva, siyo kwa nguvu. Kupitia magoti hayo utausikia mwendo wake kabla hujauona.

Akina mama na akina dada wengi huuliza kuhusu kukaa upande, miguu yote ikiwa upande mmoja, kwa ajili ya sketi au kitenge. Nasema wazi kwamba haifai. Anayekaa upande ana kikanyagio kimoja au hana kabisa, magoti yake hayabani kitu, na kwenye kona hawezi kulala pamoja na chombo. Dawa yake ni suruali nyepesi au taiti chini ya kitenge, kisha kitenge kikunjwe na kukaliwa chini ya mapaja pande zote mbili. Ncha ya kitenge, mtandio au mkanda wa koti lisiachwe likipepea nyuma. Gurudumu na mnyororo hunasa nguo na kuivuta pamoja na mwenye nguo, na dereva hajui lolote mpaka amsikie abiria akipiga kelele.

KUSHIKA

Njia nzuri ni mkono mmoja kushika chuma cha nyuma au cha ubavuni mwa kiti, na mkono wa pili kushika kiuno cha dereva, mahali pa mkanda wa suruali. Mkono wa nyuma unakuzuia usirushwe mbele wala nyuma, na wa kiunoni unakupa habari dereva anapojipinda. Asiyetaka kumshika mtu asiyemjua, na hiyo ni haki yake, ashike chuma kwa mikono yote miwili, mmoja kila upande wa makalio.

Usishike mabega, mikono wala koti la dereva chombo kikiwa katika mwendo. Bega ni la kushikwa wakati wa kupanda tu, miguu yake ikiwa chini. Usukani unaendeshwa kutoka begani, kwa hiyo ukimvuta bega la kushoto umegeuza usukani, hata kama hukukusudia.

Jaribio la kushika ni breki. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa ikifungwa breki vizuri kwenye lami kavu husimama katika mita 12 hivi tangu breki iliposhika. Katika mita hizo mwili wako wa kilo 70 unasukuma mbele kama mzigo wa kilo 35. Mzigo huo lazima uende mahali. Kama hukushika, unakwenda mgongoni mwa dereva, kutoka mgongoni kwenye mikono yake, kutoka mikononi kwenye usukani, wakati ule ule anapohitaji mikono myepesi. Kama umeshika chuma, unakwenda kwenye chuma na kwenye vikanyagio, na dereva anabaki huru. Basi ukisikia kasi inapungua, kaza mkono wa nyuma, kandamiza vikanyagio, bana magoti.

Dalili ya kwamba hushiki vizuri utaisikia mwenyewe: kofia yako inagonga kofia ya dereva kila anapofunga breki. Hata mgongano mdogo humshtua na kumgeuza macho. Ikigonga mara moja, jirekebishe. Na simu ikae mfukoni. Anayeongea na simu anashika kwa mkono mmoja, na akili yake haipo pale.

KULALA KWENYE KONA

Hili ndilo jambo linalowaogopesha wageni kuliko yote. Pikipiki haigeuki kama gari. Ili igeuke lazima ilale upande wa kona. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, katika kona ambayo kitovu chake kiko mita 15, hulala kiasi cha digrii 25. Abiria asiyezoea anaona ardhi inamjia, na mwili wake wenyewe unajivuta kinyume, wima, kama mtu anayejiokoa.

Nilimwuliza yule dereva wetu, "Kijana, abiria akibaki wima kuna ubaya gani? Si unalaza zaidi kidogo tu?"

Akanijibu, "Mzee, kama angebaki wima toka mwanzo, ningemzoea. Shida ni yule anayelala nami vizuri, halafu katikati ya kona anaogopa na kujiinua. Pale njia yangu inabadilika. Nilikuwa napita pembeni, sasa najikuta naelekea katikati ya barabara."

Hilo ndilo lile la ndoo ya nusu. Ukijiinua katikati ya kona, chombo nacho kinainuka na kona inafunguka, pikipiki inakwenda nje kuliko dereva alivyokusudia. Katika kona ya kushoto kwetu, nje ni kwenye mtaro au mawe ya ukingo. Katika kona ya kulia, nje ni upande wa magari yanayokuja.

Wala usizidishe. Kujitupa ndani ya kona kuliko dereva ni kosa lile lile kwa upande wa pili. Mgongo wako na wake iwe mistari miwili inayolala pamoja. Ili usihitaji kufikiri, tumia macho: katika kona ya kulia tazama mbele juu ya bega la kulia la dereva, katika kona ya kushoto juu ya bega la kushoto. Kichwa kikienda huko, mwili hufuata kiasi kinachofaa, hauzidi wala haupungui.

Kwenye mizunguko ya Kigali kumbuka kwamba pikipiki hulala mara tatu. Kwa kuwa tunapita kulia, inaingia ikilala kulia, inazunguka ikilala kushoto, na inatoka ikilala kulia tena. Abiria aliyezubaa hukamatwa katika badiliko la pili. Ukiona mzunguko mbele, acha maongezi mpaka utoke.

Matuta, ambayo hapa Kigali tunayaita dodani, yana kanuni yake ndogo. Ukiliona, kandamiza vikanyagio na ujiinue kidogo sana, makalio yawe mepesi bila kuondoka kitini, magoti yafanye kazi ya springi. Anayekaa kama gunia hurushwa juu, kisha hutua kwa kishindo mahali ambapo si pale alipokuwa amekaa.

KUSHUKA: JINSI MWENZETU ALIVYOANGUKA

Sasa turudi kwa yule mama. Kibanda cha mboga kiko kwenye mteremko, mkono wa kulia. Dereva alisimama akiwa ameangalia chini. Miguu ya dereva wa pikipiki haina kazi moja. Mguu wa kushoto hubadilisha gia, na wa kulia hukanyaga breki ya nyuma. Kwa hiyo dereva akisimama, mara nyingi mguu wa kushoto ndio hutangulia kugusa ardhi, na wa kulia hubaki juu ya breki. Penye mteremko hubaki zaidi, kwa sababu akiuondoa chombo kitateremka.

Fahamuni basi hali ilivyokuwa. Dereva alikuwa na nguzo moja tu, mguu wa kushoto. Upande wa kulia hakuwa na kitu chini. Mama aliona chombo kimesimama, akadhani safari imekwisha. Alikuwa na mfuko wa viazi wa kilo 10 katika mkono wa kulia. Akasimama juu ya kikanyagio cha kulia ili ashukie kwenye ukingo, mbali na magari, na wazo hilo lilikuwa la busara. Lakini kilo zake zote pamoja na viazi ziliangukia upande ambao hauna nguzo. Dereva alitoa mguu kwenye breki ili ajizuie. Hapo breki ikaachia, gurudumu likasogea mbele, mguu wake ukakanyaga changarawe na kuteleza. Pikipiki ikamfuata mama chini.

Tulirudia jambo hilo mbele ya watu, injini imezimwa, vijana wawili wakisaidia kushika. Nilipanda mimi. Dereva aliweka mguu wa kushoto chini na wa kulia juu ya breki, nami nikajifanya kushuka kulia. Chombo kiliinama papo hapo na wale vijana wakakidaka. Mara ya pili dereva alifunga breki ya mbele kwa mkono wa kulia, akaweka miguu yote miwili chini, akasema, "Shuka." Nikashuka upande uleule, kwa uzito uleule, na pikipiki haikutikisika. Mama yule alitazama akasema, "Kumbe ni neno moja tu." Dereva naye alikiri kwamba hakuwahi kulisema.

Kwa nini jambo hili litupate sisi zaidi? Kwa sababu tunapita kulia, ukingo wetu uko kulia, na sisi hushukia upande ambao mguu wa dereva una kazi nyingine. Na mji wetu ni wa vilima, ambapo mguu huo huchelewa kuiacha breki. Mambo hayo mawili yakikutana mbele ya kibanda, jioni, abiria akiwa amechoka na ana mfuko mkononi, mtu anavunjika mguu bila mwendo wowote.

Kwa hiyo fanya hivi. Chombo kikisimama, kaa palepale. Tazama chini kulia, uone mguu wa dereva uko ardhini. Usipouona, mwambie, "Weka miguu yote." Penye mteremko mkali mwombe asogee hadi palipo tambarare, hata kama ni hatua 20 mbele ya kibanda chako. Akisema, "Shuka," mpe mzigo kwanza aushike mbele yake, au uweke kwenye kiti baada ya kushuka. Usishuke nao mkononi. Kisha teremsha mguu mmoja moja kwa moja hadi ardhini bila kusimama juu ya kikanyagio, na kama unashukia kulia, uteremshe mbali kidogo na chombo, hatua moja nje, usiguse bomba la moshi. Mguu ukishakamata ardhi, pitisha wa pili juu ya kiti. Mtu mfupi ambaye hafiki chini na amwambie dereva, naye atainamisha chombo kidogo upande huo kwa makusudi. Kuinama kunakojulikana si hatari.

Malipo yafanywe baada ya yote hayo, wote wawili mkiwa mmetulia. Wengi hutafuta pesa au simu ya kulipia wakiwa bado juu ya kiti, wakijipinda huku na huku, na dereva amesimama kwa mguu mmoja.

Yule mama alipona, akarudi kazini. Tangu siku ile, katika mlango wa kiwanda chao, wanaotoka zamu ya jioni wamekubaliana na madereva wanaosimama pale maneno matatu tu. Abiria husema "Napanda," kisha husema "Tayari," na mwisho dereva husema "Shuka." Asiyesikia neno hasogei. Wanachama wa matawi mengine wakutane na madereva wa milango yao, walete pikipiki moja, wazime injini, na wajaribu wenyewe kushuka upande wa kulia kwanza bila neno, kisha kwa neno, huku watu wawili wameshika chombo kisianguke. Wataiona tofauti kwa macho yao.